Barua kwa bosi kuhusu kemo

"Niko kaunta kwenye kampuni binafsi hapa Dodoma. Naanza kemo ya saratani, kila wiki tatu. Nimwandikieje bosi?"

Pole, dada. "Nitakuwa naumwa" haimsaidii kupanga zamu. Andika hivi: "Dripu ni Jumatatu tarehe 3, naomba kupumzika hadi Jumatano. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu kinga hushuka, hivyo naomba kazi ya ndani, mbali na wateja. Wiki ya tatu nitarudi kaunta. Damu hupimwa kabla ya kila dozi. Chembe nyeupe zikipungua, tarehe itasogezwa. Homa ikifika 38, nitaondoka papo hapo kwenda hospitali."

Ambatisha cheti cha daktari. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 ndani ya miezi 36, na 63 za mwisho ni nusu mshahara, kwa hiyo usizimalize mapema.