Maswali na majibu: Mlio unaopanda, dirisha liwe refu kiasi gani?

"Kaka, nimetengeneza mlio unaopanda toka 500 Hz mpaka 3500 Hz ndani ya nusu sekunde, sampuli 8000 kwa sekunde. Nimeweka dirisha la Hann la sampuli 1024 ili frikwensi itoke vizuri, spektrogramu inatoa mkanda mnene badala ya laini. Kosa liko wapi?" (Mwanafunzi, Mbeya)

Kodi yako iko sawa mdogo wangu, kinachokusumbua ni hilo dirisha. Sampuli 1024 ni milisekunde 128, na mlio wako unapanda 6000 Hz kila sekunde, kwa hiyo dirisha moja tu likifunguka mlio unakuwa umeshasogea 768 Hz. Ni kama kupiga picha bajaji inayopita pale Mafiati huku kamera imefunguka muda mrefu, unapata mchirizi. Transfomu inachukua kipande chote kwa mpigo, na wewe kwenye picha unabaki na ukubwa tu, fezi umeitupa, na habari ya kipi kilitangulia ilikuwa humo kwenye fezi. Hann inafifisha kingo za dirisha, ndo maana kwenye nusu ya nguvu upana ni kama 280 Hz, ila ukichora kwa desibeli zile kingo zinajitokeza tena na mkanda unavimba kuelekea hiyo 768.

"Basi nikishusha mpaka sampuli 32 si ndo laini itakuwa nyembamba kabisa?" (Njombe)

Hapana, utapata mbaya kuliko ya mwenzako. Ndani ya sampuli 32, yaani milisekunde 4, mlio unasogea 24 Hz tu, hapo uko vizuri, lakini dirisha lenyewe lina ukungu wake na kwa Hann ukungu huo ni takriban 1.44/T, T ikiwa ni urefu wa dirisha kwa sekunde, ambayo hapa inatoka 360 Hz. Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavutana: ukirefusha dirisha ukungu wake unapungua ila mlio unasogea zaidi ndani yake, ukilifupisha inakuwa kinyume. Laini inakuwa nyembamba zaidi pale viwili hivyo vinapolingana, na kwa Hann hesabu inaangukia hapa, k ikiwa ni kasi ya kupanda kwa Hz kila sekunde:

```
T ≈ 2 / sqrt(k)
```

Weka k = 6000, unapata kama milisekunde 26, sampuli 200 na kidogo. Mimi ningeweka 200 tu, hapo ukungu wa dirisha ni kama 58 Hz, kusogea kwa mlio, ukikupima kwenye nusu ya nguvu, kama 55 Hz, na vyote vikichanganyika laini inakuwa na upana wa karibu 80 Hz. Chini ya hapo kwa Hann na mlio huu hushuki, hata uchezee namba vipi.

```python
import numpy as np
from scipy.signal import chirp, spectrogram

t = np.arange(4000) / 8000
x = chirp(t, f0=500, t1=0.5, f1=3500)
f, tt, S = spectrogram(x, 8000, window="hann",
                       nperseg=200, noverlap=150, nfft=1024)
```

"Hiyo nfft=1024 naiona. Nikiweka 8192 je, si napata frikwensi kali zaidi?" (Mafinga)

Unapata nukta nyingi zaidi kwenye mhimili wa frikwensi, basi. Zilizoongezwa ni sifuri, na sifuri hazina habari yoyote ya sauti, kwa hiyo ule upana wa 80 Hz unabaki palepale, umechorwa laini zaidi tu. `noverlap` nayo ni hivyohivyo kwa upande wa muda. Kinachoamua ni `nperseg`, yaani urefu wa dirisha, na aina ya dirisha.

"Nimerekodi ndege kule Udzungwa, mlio unapanda ila sijui kasi yake. Naanzia wapi?" (Dada wa Iringa)

Anza na dirisha lolote la katikati dada, halafu likate nusu uangalie laini. Ikiwa nyembamba zaidi, dirisha lilikuwa refu mno, endelea kukata, na ikinenepa ujue umeshapita kiwango, rudi nyuma. Ukishaiona laini pima mteremko wake, Hz ngapi kwa sekunde ngapi, weka kwenye ile hesabu, rudia tena. Shida ni kwamba ndege hapandi kwa kasi moja, mwanzo anaweza akavuta taratibu na mwisho akaruka ghafla, na dirisha moja haliwezi kuwa sahihi kote, kwa hiyo chora spektrogramu mbili, refu usome sehemu ya taratibu na fupi usome ile ya haraka, usihangaike kutafuta moja ya kumaliza yote. Na kama ndege wawili wanapanda sambamba wakiwa wameachana 50 Hz tu, kwa kasi kama ile ya 6000, laini zao zitaungana kwenye kila dirisha utakalojaribu. Hapo njia ni kuunyoosha mlio kwanza: zidisha rekodi kwa `exp(-1j*pi*k*t**2)`, ule mpando unakuwa sauti tulivu, halafu dirisha refu linawatenganisha vizuri, ila lazima k uwe umeipata karibu na ukweli, la sivyo mpando unaobaki utanenepesha laini tena.