Saratani ya gamba la adrenali: mambo ya kuangalia kwa daktari anayeanza wodi

Wenzangu mnaoanza kazi katika wodi zetu za Unguja na Pemba, saratani ya gamba la tezi ya adrenali, ile tezi iliyokaa juu ya figo, ni nadra sana, kwani haizidi mtu mmoja au wawili kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Atakayemwona mgonjwa huyo mwanzo, hata hivyo, si bingwa wa homoni, bali ni nyinyi, naye atakuja kwa malalamiko ya kawaida kabisa.

Chukueni mfano wa mwanamke wa miaka 34 kutoka Mkoani, anayeletwa kwa shinikizo la damu lisiloshuka. Miguu imemlegea hata kunyanyuka kwenye mkeka inabidi ashikwe, hedhi imekatika, na potasiamu yake ni 2.6. Amejifunika vizuri, kwa hiyo nywele za kidevuni na chunusi za kifuani hamtaziona msipomwomba kwa adabu, akiwepo muuguzi wa kike. Kinachosikika mapema ni sauti, ambayo imekuwa nzito. Mwombeni kitambulisho chake muilinganishe ile picha na uso mlio nao mbele yenu, kisha muwaulize jamaa zake mabadiliko yalianza lini. Wakisema ni miezi minne, hapo pana jambo. Ovari zenye vifuko vingi nazo huleta nywele na kuvuruga hedhi, lakini huanza taratibu tangu ujana na haziangushi potasiamu.

Mgonjwa huyu ana homoni mbili zilizozidi kwa pamoja. Androjeni zimempa nywele na sauti. Kotisoli imemla misuli na kumpandisha shinikizo, na ilipokuwa nyingi kuliko uwezo wa kimeng'enya cha figo kinachoizima, ikaanza kufanya kazi ya aldosteroni na kuimwaga potasiamu kwenye mkojo. Uvimbe usio saratani kwa kawaida hutoa homoni moja, ndiyo maana mchanganyiko huu, ukija kwa haraka, hunishtua mimi kuliko ukubwa wa uvimbe wenyewe.

Mpeni miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku, mpime kotisoli saa 2 asubuhi. Kwa mtu mzima wa afya hushuka chini ya nanomoli 50 kwa lita. Kwake inabaki mamia. Pimeni pia testosteroni, na metanefrini ili kuondoa uvimbe wa kiini cha adrenali, ambao usipojulikana huweza kumuua mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Sitiskani ya tumbo na kifua ikionyesha uvimbe wa sentimita 11, msikubali utobolewe kwa sindano kuchukuliwa kipande cha kupima. Kipande kidogo hakitoshi kutofautisha saratani na uvimbe wa kawaida, na tundu la sindano linaweza kutawanya seli.

Tumaini kubwa la kupona ni upasuaji wa mara ya kwanza, uliofanywa na mtu mwenye uzoefu wa tezi hii. Kwa uvimbe wa ukubwa huu tumbo hufunguliwa, na uvimbe hutolewa mzima pamoja na mafuta yanayouzunguka, bila kupasua ganda lake. Ganda likipasuka, ugonjwa hurudi tumboni. Kwa hiyo kumpeleka Dar es Salaam akiwa hajaguswa ni bora kuliko kumfanyia hapa operesheni ya nusu nusu, ila asicheleweshwe, na akingwe na damu kuganda, maana kotisoli nyingi huigandisha.

Sasa lipo jambo ambalo wapya hulisahau. Tezi ya upande wa pili imelala kwa muda mrefu, na uvimbe ukishatoka, mtu aliyekuwa na kotisoli kupita kiasi hubaki bila ya kotisoli. Haidrokotisoni ianze mezani, kwa kiasi cha miligramu 150 kwa siku, kisha ipunguzwe polepole.

Baada ya hapo, wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi hupewa mitotani, ikiwezekana ndani ya wiki sita. Dawa hii huua seli za gamba la adrenali. Hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta, na huchukua wiki nyingi kufikia miligramu 14 hadi 20 kwa lita ya damu. Ikizidi 20, mgonjwa huyumba na kuchanganyikiwa. Huharakisha pia ini kuivunja haidrokotisoni, hivyo dozi ya kawaida ya miligramu 20 haimtoshi, na mara nyingi hufika 50 au zaidi kwa siku. Uvimbe usioweza kutolewa huongezewa etoposidi, doksorubisini na sisplatini.

Kichefuchefu na uchovu ndipo penye mtego, kwa sababu huweza kutoka kwa mitotani yenyewe au kwa upungufu wa kotisoli. Shinikizo likiwa limeshuka, msisubiri kipimo: mchomeni miligramu 100 za haidrokotisoni. Naye anayeishi Pemba aondoke wodini na sindano hiyo mkononi na jamaa aliyefundishwa kuichoma, ili akitapika apewe huko huko Mkoani kabla ya kupandishwa boti.