Jibu: Kuhakiki karatasi ya mtihani kabla haijachapwa

"Mhadhiri kanipa mtihani niupitie kabla ya kuchapwa. Nianzie wapi?"

Ndugu, anza na kikokotoo kabla hujagusa lugha. Jumlisha alama za kila kipengele, ulinganishe na jumla iliyoandikwa. Juzi nilishika karatasi ambayo swali la 3 lilikuwa na (a) alama 6, (b) 8 na (c) 4, lakini ukingoni pameandikwa 20. Zile 2 zilikuwa za (d) iliyofutwa, na swali la 5 bado lilisema "tumia jibu lako la 3(d)". Kwa hiyo kila rejeo lifuatilie mpaka ulione swali lenyewe.

Halafu soma kila swali kama mtahiniwa. "Eleza faida na hasara mbili za mikopo (alama 8)": ni mbili kwa jumla, au mbili kila upande? Usiamue wewe. Mwandikie mhadhiri pembeni: "Faida mbili na hasara mbili, alama 2 kila moja?" Akikubali, mkumbushe arekebishe na mwongozo wa usahihishaji, maana huo ndio husahaulika. Mwisho chapa nakala moja tu uisome kwenye karatasi. Alama ya kipengele ikiangukia ukurasa unaofuata, mwanafunzi ataihesabu kwa swali lingine.