Kwa mnaoanza kusoma safari za Wapolinesia: msianze na nyota peke yake

Nilipoanza kusoma namna Wapolinesia walivyovuka Pasifiki, nilijaza daftari zima majina ya nyota. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilikuwa nimeanzia katikati. Nyota zinamwambia rubani anaelekea wapi. Hazimwambii amefika wapi, na hilo la pili ndilo linalomkosesha usingizi. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoingia sasa, niwaonyeshe mambo machache ambayo ningependa kuonyeshwa mwanzoni.

Chukueni safari moja mkae nayo. Mimi nawashauri ile ya kutoka Hawaii hadi Tahiti, kwa sababu imefanywa upya mbele ya macho ya watu. Tarehe 1 Mei 1976, Hokule'a, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa, chenye urefu wa futi 62, kiliondoka kisiwa cha Maui, Hawaii, kikiongozwa na rubani Mau Piailug. Hakikuwa na dira wala chombo chochote cha kupimia. Mwanzoni mwa Juni kilikiona kisiwa cha Mataiva, na tarehe 4 kikaingia Papeete, bandari ya Tahiti. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 4,000, kutoka kama digrii 20 kaskazini mwa ikweta hadi karibu digrii 17 na nusu kusini.

Hapo hapo pana tahadhari. Mau hakuwa Mpolinesia. Alitoka Satawal, kisiwa kidogo cha Mikronesia, magharibi mwa Pasifiki, ambako elimu hii ilikuwa bado hai, ilhali Hawaii ilikuwa imekatika. Dira ya nyota ya Kihawaii inayofundishwa leo, yenye nyumba 32, yaani sehemu 32 zilizo sawa, kuzunguka upeo wa macho, ilipangwa na Nainoa Thompson, kijana wa Hawaii aliyefundishwa na Mau, na ambaye mwaka 1980 aliongoza mwenyewe Hokule'a hadi Tahiti na kurudi. Mkikuta mtu anasema kwamba hivi ndivyo hasa walivyofanya wahenga miaka 800 iliyopita, mwulizeni amejuaje. Tunachojua kwa hakika ni kwamba njia hii inafika. Vilevile msichanganye na zile ramani za vijiti mnazoziona kwenye picha. Hizo ni za visiwa vya Marshall, nako pia ni Mikronesia.

Sasa nyota. Nyota huchomoza mahali pale pale kwenye upeo wa macho kila siku, mwaka mzima, kwa mtu aliye mahali pamoja. Kinachobadilika ni saa. Kwa hiyo rubani anayetaka kwenda upande fulani hutazama nyota iliyotoka kuchomoza upande huo, anaifuata ikiwa bado chini, na ikishapanda sana anaiacha na kushika nyingine inayochomoza nyumba ile ile. Usiku mmoja unahitaji nyota nyingi zinazopokezana. Mgeni wa fani hii hudhani wanafuata nyota moja mpaka asubuhi. Ukifanya hivyo utapinda pamoja nayo.

Kujua umefika kusini kiasi gani ni kazi nyingine, na hii mnaweza kuijaribu nyumbani. Nilijifunza nikiwa Kilwa Masoko, ufukweni, mwishoni mwa Mei kwenye saa mbili hadi saa tatu usiku, Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama wima. Nyosheni mkono, pimeni kwa vidole umbali kati ya nyota ya juu na ya chini ya msalaba. Ni kama digrii 6. Sasa pimeni kutoka nyota ya chini hadi baharini: kwa Kilwa mtapata kipimo kile kile mara sita hivi. Mtu aliye Honolulu, Hawaii, akipima vilevile anapata mara moja tu. Umbali wa juu na umbali wa chini unalingana, na ulinganifu huo ndio unaomwambia Mhawaii anayerejea kwamba amefikia usawa wa kwao. Aliye Tahiti anapata zaidi ya mara saba. Hakuna hesabu ya karatasi hapo, ni jicho na mkono. Kuna pia nyota za utosini: nyota ambayo wenyeji wa Hawaii huiita Hokule'a, na sisi tunaiita Simaki, hupita karibu juu kabisa ya vichwa vyao, na Shira hupita karibu juu ya Tahiti. Kutubu, nyota ya kaskazini, hushuka kadiri unavyokwenda kusini, na ukivuka ikweta inazama. Kwa Mau, aliyezoea kuiona chini kaskazini maisha yake yote, kuipoteza hakukuwa jambo dogo.

Lakini hakuna nyota inayokwambia, bila saa, uko mashariki au magharibi kiasi gani. Hili ndilo tatizo lenyewe, na ndiyo sababu nasema msianze na nyota peke yake.

Mchana, na usiku wa mawingu, rubani hushika mawimbi. Si yale ya upepo wa leo, yanayovunjika na kubadilika kila saa. Ni yale marefu, mapana, yasiyo na povu, yaliyozaliwa na dhoruba au upepo wa mbali sana, na yanayokuja upande mmoja kwa siku kadhaa. Alfajiri, jua linapotoka, rubani hulinganisha: jua limetoka hapa, wimbi kubwa linatoka pale. Baada ya hapo, hata jua likifichwa, anajua kwamba wimbi likiinua omo kwanza kwa pembe fulani, chombo kiko sawa. Na usiku wa giza totoro hulisikia kwa mwili, akiwa amelala ndani ya mtumbwi, kwa jinsi unavyopanda na kuyumba. Kosa linalotokea ni kuwapo kwa mawimbi mawili au matatu yanayopishana, kisha moja likafa polepole na rubani aliyechoka akashika jingine bila kujua. Dalili yake ni mwyumbo wa chombo kubadilika ingawa hakuna aliyegusa kasia la usukani. Ndiyo maana hupimwa upya kila alfajiri na kila magharibi.

Kisha hesabu ya safari. Mwendo hupimwa kwa povu: unalitazama likipita kutoka boriti ya mbele hadi ya nyuma. Kwenye Hokule'a umbali huo ni kama futi 42, nao hutoa kanuni rahisi: gawanya 25 kwa sekunde ulizohesabu, unapata mwendo kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Sekunde tano ni noti 5, na noti 5 kwa siku nzima ni maili 120 za bahari. Sasa kosa likiwa la nyumba moja tu ya dira, yaani digrii 11 na robo, jioni utakuwa umetoka nje ya mstari kwa takriban maili 23. Kwa siku moja! Na mkondo wa bahari unasukuma magharibi bila kuonekana, maana maji na chombo vinakwenda pamoja.

Ukiyaona hayo, utaelewa kwa nini hakuna rubani mwenye akili anayelenga kisiwa moja kwa moja. Kutoka Hawaii anabisha kuelekea mashariki kwa makusudi, joshini mwa Tahiti, yaani upande upepo unakotoka, ili asije akasukumwa magharibi ambako kurudi ni kupambana na upepo na mkondo. Na halengi Tahiti, analenga Tuamotu, safu ya visiwa vya matumbawe iliyotandazwa kama nyavu kwa zaidi ya kilomita 1,000 mashariki na kaskazini mwa Tahiti. Akigusa kisiwa chochote cha safu hiyo, amejua alipo. Visiwa hivyo ni vya chini mno, minazi yake huonekana kwa maili kumi hivi. Hapo ndipo ndege wanapoingia.

Ndege wanaofaa ni wale wanaolala nchi kavu kila usiku, hasa buabua. Buabua mweusi, noio kwa Kihawaii, huhesabiwa na marubani wa huko kuwa haendi zaidi ya maili 40 kutoka kisiwani, na yule mweupe hufika hata maili 120. Asubuhi hutoka kwenda kuvua, jioni hurudi. Kisiwa kinachoonekana kwa maili kumi tu kinageuka kuwa shabaha ya maili themanini kwa upana. Lile kosa la maili 23 sasa lina mahali pa kumezwa.

Sasa someni kisa cha 1980, alichokisimulia Nainoa mwenyewe. Walikuwa karibu na Tuamotu, wakawaona ndege jioni, wakajua nchi iko karibu, lakini asubuhi hawakuona kitu. Kisha akatokea ndege mmoja akiruka kuelekea kusini. Kanuni inasema ndege wa asubuhi anatoka kisiwani, kwa hiyo Nainoa akaamua kisiwa kiko nyuma yao, na akaamuru chombo kigeuzwe. Mau, aliyekuwamo na ambaye hakuwa ameingilia safari ile hata mara moja, akasema: geuzeni tena, mfuateni ndege. Haikupita muda mrefu kisiwa kikaonekana. Baadaye akaeleza: yule ndege alikuwa na samaki mdogo mdomoni. Ulikuwa msimu wa makinda, alikuwa amekwisha kuvua mapema na anarudi kulisha. Nainoa alikuwa anaijua kanuni vizuri sana, ila hakumtazama mdomo.

Mkishaielewa safari ya kwenda mahali panapojulikana, jiulizeni kuhusu ile ya kwanza kabisa, isiyo na shabaha. Wengi bado hudhani walipeperushwa. Lakini tazameni upepo: katika tropiki unatoka mashariki karibu mwaka mzima, nao walikwenda mashariki. Mtafutaji anayebisha dhidi ya upepo, au anayevizia siku chache za upepo wa magharibi wakati wa kiangazi cha kusini, ana uhakika mmoja: akikosa nchi, upepo wa kawaida utamrudisha nyumbani. Wahenga wao walifika Tonga na Samoa kama miaka 2,800 iliyopita, wakakaa huko kwa muda mrefu, na kwa karne chache tu, kuanzia mwaka 1000 hivi, wakaeneza makazi hadi Hawaii, Rapa Nui, yaani Kisiwa cha Pasaka, na mwisho Nyuzilandi. (Ndugu zao wa mbali wa lugha ndio waliofika Bukini, na ngalawa zetu zenye mirengu miwili zina alama ya mkono wao.)

Walibeba viazi vya taro, vipandikizi vya mishelisheli na migomba, nguruwe, mbwa na kuku. Kufika hakukutosha kila mahali. Henderson ni kisiwa cha matumbawe kisicho na jiwe zuri la kuchongea shoka, na watu wake waliishi kwa vitu vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka Pitcairn na Mangareva. Safari hizo zilipokoma, kikabaki bila watu, na Pitcairn vilevile. Mwaka 1790 waasi wa meli ya Bounty walipojificha Pitcairn, walikuta mashoka ya mawe na majukwaa ya ibada, na hakuna mtu.