Maji ya Kapilari Yakisimama Chini ya Hesabu: Kosa Liko Wapi?

Ukisimamisha mrija mwembamba wa kioo ndani ya maji, maji hupanda ndani yake. Hesabu inasema yatafika milimita 27, rula inasema 21. Kabla ya kuitilia shaka fomula, kagua mambo matatu: kipenyo cha mrija sicho ulichodhani, kioo kina mafuta, au maji yenyewe yamechafuka. Kila kosa lina dalili yake.

Mrija unaofaa na usio ghali ni ule mwembamba wa kutolea damu kidoleni, unaopatikana katika maduka ya vifaa vya maabara hapa Nairobi. Urefu wake ni milimita 75, na kipenyo cha ndani ni kati ya milimita 1.1 na 1.2. Chagua wenye alama ya buluu. Wenye alama nyekundu umepakwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo itaingia kwenye maji yako.

Usikitegemee kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi. Mrija mmoja hubeba maji machache mno kwa mizani ya kawaida ya shule, kwa hiyo pima kumi kwa pamoja. Ipime ikiwa mikavu, ijaze kwa kuilaza mshazari ndani ya maji, ipanguse nje, kisha uipime tena. Tuseme uzito umeongezeka gramu 0.71. Ukigawanya, kila mrija umebeba takriban milimita za ujazo 71. Gawanya kwa urefu wa 75, na eneo la tundu ni milimita za mraba 0.95, yaani nusukipenyo cha milimita 0.55.

Sasa tazama nguvu mbili zinazoshindana. Maji yameshika kioo kuzunguka ukingo wa tundu, na ukingo huo unayavuta juu kwa nguvu ya 2πrγ, ambapo r ni nusukipenyo cha tundu na γ ni mvutano wa uso wa maji. Kwa maji safi kwenye nyuzi joto 20, γ ni 0.0728 N/m, kwa hiyo nguvu hiyo inaweza kubeba takriban miligramu 25.7, basi. Nguzo ya maji hupanda mpaka uzito wake ufikie hapo, kisha husimama kwenye kimo h. Katika fomula, ρ ni msongamano wa maji, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, na θ ni pembe ambayo maji hugusia kioo; kwenye kioo safi pembe hiyo ni sifuri, kwa hiyo cosθ ni 1:

```
h = 2γ cosθ / (ρ g r)
  = 2 × 0.0728 × 1 / (998 × 9.78 × 0.00055)
  = 0.0271 m
```

Hapo g ni 9.78 kwa kuwa Nairobi iko juu na karibu na ikweta, ukitumia 9.81 utapoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo usihangaike nayo. Mgandamizo wa hewa, ambao kwetu ni mdogo kuliko Mombasa, haubadilishi kitu, maana unakandamiza maji ndani na nje ya mrija sawasawa. Wanafunzi wengi hudhani hewa ndiyo inayosukuma maji juu, na dhana hiyo inafaa kung'olewa mapema.

Pima kuanzia uso tambarare wa maji katika chombo kipana, si pale yanapopanda ukutani mwa chombo, hadi chini kabisa ya bonde la maji ndani ya mrija. Maji kidogo yaliyo juu ya bonde hilo nayo yana uzito, kwa hiyo ongeza theluthi ya nusukipenyo, hapa milimita 0.18. Rula isome jicho likiwa usawa wa maji.

Ukipata 21, fanya hivi. Tumbukiza mrija mkavu milimita 5, subiri dakika moja, soma. Ushushe hadi milimita 30 ziwe ndani ya maji, uuinue polepole urudi kwenye 5, kisha soma tena. Kama usomaji wa pili uko juu ya wa kwanza, kioo kina mafuta: maji yalipopanda kwenye kioo kikavu yalikishika kwa shida, lakini yanaposhuka hukuta kioo kimelowa. Pembe θ ya nyuzi 40 peke yake inatosha kuishusha 27 hadi 21. Mara nyingi mafuta hayo ni ya vidole, au ya spiriti ya hospitali, maana aina nyingine huchanganywa na mafuta ya mbarika na huacha utando. Tupa mrija, chukua mpya, ushike ncha ya juu tu.

Kama usomaji wa mara zote mbili ni sawa lakini uko chini, tazama maji. Tone la sabuni ya vyombo hushusha γ hadi karibu 0.03, na maji husimama karibu milimita 11. Suuza chombo mara kadhaa, kisha tumia maji ya betri yaliyochujwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Soma lebo, usije ukapewa asidi ya betri. Na kama mrija mpya na maji mapya vinakubaliana kwa namba ileile ya chini, rudi kwenye mizani: kipenyo ndicho kilichokosewa.