Andika kituo kwenye skripti kabla hujarekodi

Video nyingi za kufundisha programu za kompyuta huweka kituo, yaani mahali pa mtazamaji kusimamisha video ajaribu mwenyewe, pale msemaji anapovuta pumzi. Anamaliza hatua, anasema "simamisha video ujaribu," kisha anaendelea. Mtazamaji anasimamisha, anatazama skrini, na hakioni anachokihitaji, kwa sababu kisanduku alichotaka kukifuata kimeshafungwa. Ndiyo maana mimi huandika vituo ndani ya skripti pamoja na maneno, kabla sijawasha maikrofoni.

Tuchukue somo fupi: kutengeneza orodha ya kuchagua kwenye Excel, ili seli ipokee "Ndiyo" au "Hapana" tu. Unachagua seli C2 hadi C20, unaingia Data, unabofya Data Validation, kwenye Allow unachagua List, kwenye Source unaandika Ndiyo,Hapana, halafu OK. Ukiijua kazi hii unaimaliza kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo mwanafunzi anapoachwa nyuma.

Skripti yangu ina safu mbili. Kushoto naandika kitakachoonekana kwenye skrini, kulia naandika nitakachosema. Maneno hutangulia mkono: nasema "sasa tunaingia kwenye Data" kabla kipanya hakijasogea, ili jicho la mtazamaji lifike pale mapema. Kituo nakipa mstari wake peke yake, kwa herufi kubwa, nikieleza skrini iwe katika hali gani wakati huo.

Somo hili linahitaji vituo viwili. Cha kwanza ni kabla ya kubofya OK. Kisanduku kimejazwa, List inaonekana, Ndiyo,Hapana inaonekana, na seli zilizochaguliwa bado zina mpaka wake. Picha hiyo moja imebeba hatua zote zilizotangulia. Ukishabofya OK yote yanatoweka, na mtazamaji hana budi kurudisha video nyuma akibahatisha. Kwenye skripti mstari huo unasomeka hivi: "KITUO: kisanduku kimejaa, kipanya kiko pembeni, OK haijabofywa."

Cha pili ni baada ya OK, na hapa kuna jambo ambalo lazima lisemwe kwa sauti. Mshale wa orodha huonekana pale tu seli inapokuwa imechaguliwa. Mwanafunzi aliyebofya sehemu nyingine ya karatasi hatauona, ataamini amekosea, ataanza upya. Kwa hiyo nasema: "Bofya C2. Ukiona mshale upande wa kulia, umepatia." Kila kituo kiwe na ishara ya namna hiyo. Kuna kompyuta ambazo, kutokana na mpangilio wa eneo, hutenganisha vitu kwa nukta mkato badala ya mkato. Huko orodha itatoka na chaguo moja refu, "Ndiyo,Hapana", kwa hiyo nalitaja hapo hapo kwenye kituo, maana ndipo mtu atakapokwama.

Wakati wa kurekodi, nikifika kwenye kituo naachia kipanya kabisa na kunyamaza kwa sekunde tano hivi. Muda huo haumtoshi mtu kufanya kazi, wala haukusudiwi kumtosha. Unamtosha kufikia kitufe cha kusimamisha akiwa bado kwenye picha sahihi. Kuacha kimya cha dakika nzima hakusaidii: aliye mwepesi anachoka, aliye taratibu bado hajamaliza. Kipanya kinachotangatanga nacho ni tatizo, kwani picha iliyosimamishwa inaweza kukionyesha juu ya neno linalotakiwa kusomwa.

Angalia pia mahali kisanduku kilipo. Video ikisimamishwa, vitufe vya kichezeshi kwa kawaida hujitokeza chini ya picha, na kwenye simu mara nyingi hutokea hata katikati na kuifanya picha iwe na giza kidogo. Mimi huburuta kisanduku kikae juu kidogo ya katikati, na huongeza ukubwa wa maandishi ya kompyuta hadi asilimia 150 ili yasomeke kwenye simu.

Ukirekodi skrini kwa programu ya OBS Studio, chagua faili la aina ya mkv. Kompyuta ikizimika katikati, kwa kawaida faili la mkv hubaki na kile kilichokwisha kurekodiwa, wakati mp4 ya kawaida inaweza isifunguke kabisa. Baadaye utaligeuza kuwa mp4 kupitia File, kisha Remux Recordings.

Kabla ya kuitoa video, ifungue kwenye simu, zima sauti, simamisha kwenye kila kituo, kisha jaribu kufanya hatua hiyo kwenye kompyuta kwa kutazama picha iliyosimama tu. Picha ikishindwa kukuongoza, rekodi upya kipande hicho peke yake, kuanzia kituo kilichotangulia hadi hicho. Kwa kuwa skrini imetulia pande zote mbili, kiungio hakitaonekana, mradi urudishe karatasi na kipanya katika hali ile ile iliyoandikwa kwenye skripti.