Ukuta wa marobota ya ngano, kabla hujaupeleka Pwani

Kila fundi anayekuja kujifunza kujenga kwa marobota, yaani nyasi kavu za ngano zilizobanwa na kufungwa kwa kamba, huuliza kwanza kuhusu moto. Namjibu upesi: nyasi zilizoshindiliwa na kupigwa lipu pande zote hazina hewa ya kuwakia, kinachoteketeza ni nyasi zilizomwagika chini siku za ujenzi, kwa hiyo fagia kila jioni na uwazuie wavuta sigara. Swali la pili huwa panya, na jibu ni lilelile, lipu isiyo na mwanya. Maji huulizwa mwisho, tena na yule ambaye ukuta wake umeshaanza kunuka.

Nilijifunza kazi hii Uingereza, miaka tisa na kikundi cha mafundi wa nyumba za marobota, kisha nikarudi Kenya. Huku nimeshughulika na nyumba mbili zilizonifundisha zaidi ya miaka yote hiyo tisa: moja ya Timau, chini ya Mlima Kenya, na nyingine ya Kilifi. Ya Timau imesimama. Ya Kilifi tulibomoa chumba.

Tuanze na joto, maana ndilo linalouza ukuta huu. Ukuta wa tofali za saruji za milimita 150 hupitisha karibu wati 3 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukuta wa robota lililolazwa, unene wa milimita 450, hupitisha wati 0.15 hivi. Wa hempu na chokaa, yaani chenga za shina la hempu zilizochanganywa na chokaa na kushindiliwa, ukiwa wa milimita 300 huwa karibu 0.2. Hesabu hiyo ina maana kubwa Timau, ambako usiku wa Julai huteremka hadi digrii 8 au chini yake na wenye nyumba wanataka 20 ndani. Tofauti ni digrii 12. Kwenye ukuta wa tofali wa mita za mraba 80, wati 2,900 zinakimbilia nje usiku kucha. Kwenye marobota ni wati 150 tu, yaani joto la watu wawili waliolala na taa mbili tatu.

Sasa chukua hesabu ileile uipeleke Kilifi kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi. Madirisha yako wazi, upepo wa kusi unapita, ndani digrii 30 na nje digrii 30. Tofauti ni sifuri. Zidisha sifuri kwa wati 3 au kwa 0.15, utapata sifuri. Jua la jioni linalopiga ukuta wa magharibi ni kweli linachoma, lakini baraza au mti huliondoa kwa gharama ndogo zaidi, na joto kubwa kwenye nyumba ya mabati hushuka kutoka juu, halitoki ubavuni. Anayetaka kuzuia joto Pwani aanze na dari. Sijui kwa nini jambo hili linawakera watu kiasi hiki ninapolisema.

Turudi kwenye maji. Nyasi zikiwa na unyevu chini ya asilimia 15 ya uzito wake mkavu, ziko salama. Zikipita 20 na kubaki hapo kwa majuma huku kuna joto, ukungu unaanza. Zikipita 25, zinaoza. Nyasi kavu zikiachwa kwenye hewa zinanywa unyevu wa hewa hiyo mpaka zilingane nayo. Hewa ya Timau wakati wa kiangazi huzituliza karibu asilimia 10, kwa hiyo ukuta ukipata maji kidogo kwa bahati mbaya, una nafasi ya kuyabeba na kuyatoa. Hewa ya Pwani yenye unyevu wa asilimia 80 huzituliza karibu na 15 hata kabla tone moja la mvua halijagusa ukuta. Umeanza safari na tangi lililojaa robo tatu.

Kwa sababu hiyo robota lenyewe hupimwa kabla ya kununuliwa, na hapa wageni hudanganywa na mizani. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka robota liwe na angalau kilo 104 za nyasi kavu kwa mita ya ujazo, na unyevu usiozidi asilimia 20. Timau tuliletewa marobota ya sentimita 35 kwa 45 kwa 90, ambayo ni mita za ujazo 0.142, na kila moja lilipima kilo 17. Ukigawanya unapata kilo 120, na muuzaji alikuwa akitabasamu. Nilichoma sindano ndefu ya kipima unyevu hadi katikati: asilimia 20. Kilo 17 ukigawa kwa 1.2 unabaki na kilo 14.2 za nyasi, na hizo kwa ujazo ule ni kilo 100 tu. Kumbe uzito uliobaki ni maji, na lori lilirudi na marobota yake. Siku hizi kwanza nalishika robota kwa kamba moja na kulinyanyua. Likijikunja katikati kama godoro, sihitaji hata mizani.

Maji yanayoua ukuta huingia kwa njia chache, na mbaya kuliko zote ni kizingiti cha dirisha. Mvua inayopiga kioo chote hukusanyika kwenye ule ubao wa chini, na ukiwa hauna mteremko, au haujatokeza nje ya lipu na kuwekewa mfereji mdogo upande wa chini wa kudondoshea maji, basi yanarudi nyuma na kuzama kwenye robota lililo chini yake. Uingereza nilifungua ukuta wa namna hiyo. Lipu ilikuwa nzima kabisa, nyeupe, haina hata ufa, ila kidole kiligonga sauti ya mtungi mtupu. Tulipoikata, nyasi chini ya kona ya dirisha zilikuwa nyeusi na laini kama tumbaku ya kutafuna, katika mkanda wa upana wa kiganja ulioteremka hadi msingini. Sentimita 20 pembeni nyasi zilikuwa za dhahabu, kama zimetoka shambani jana. Ukumbuke mkanda huo, maana utakusaidia huko mbele.

Mengine ni ya kawaida: robota la kwanza likae juu ya msingi ulioinuka angalau sentimita 30 kutoka ardhini, tena juu ya mbao mbili zenye kokoto katikati, ili bomba likipasuka sakafuni maji yasifike nyasini. Upenu utoke sentimita 60, na kwenye mvua zetu 90 ni bora. Lipu iwe ya udongo au chokaa. Saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, hunywa mvua kupitia nyufa hizo, kisha haiachi mvuke utoke. Watu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kufundishwa hili: nyumba zao za mawe ya matumbawe zimepumua kwa chokaa miaka mingi, na aliyezipaka saruji na rangi ya mafuta ameona ukuta ukimenyuka.

Sasa Kilifi. Mwenye nyumba alijenga chumba cha wageni kwa marobota, akatia kiyoyozi, na kwa kuwa wageni huchafua kuta, akapaka ndani rangi ya mafuta. Mwaka wa pili chumba kilinuka kama gunia la viazi vilivyosahaulika. Aliniita nitafute paa linapovuja.

Nilichoma sindano sehemu kumi na mbili. Kama paa au dirisha lingevuja, ningepata mkanda kama ule wa Uingereza, kubaya hapa na kuzuri pale. Badala yake ukuta ulikuwa na usomaji karibu sawa kutoka kona hadi kona, na ajabu yake ni kwamba upande wa nje ulisoma 17 huku upande wa ndani, sentimita tano nyuma ya rangi, ukisoma 26 na 27. Nyuma ya kabati, kusikofika upepo, ilikuwa 29. Maji hayakutoka juu. Yalitoka kwenye hewa yenyewe.

Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha digrii 25. Kiyoyozi kiliwekwa 21, kwa hiyo lipu ya ndani ilikuwa digrii 22 hivi. Mvuke wa nje ulipenya lipu ya chokaa, ukapita kwenye nyasi, ukaifikia lipu baridi, na ungeweza kutokea chumbani ukakaushwa na kiyoyozi, lakini rangi ya mafuta ilikuwa imefunga mlango. Ukageuka maji palepale. Uingereza mvuke husukumwa kutoka ndani kwenda nje karibu mwaka mzima, kwa hiyo kila nilichofundishwa kilihusu kuufungulia njia ya nje. Pwani yenye kiyoyozi mwelekeo umegeuka, nami ilinichukua nusu siku kugundua kwamba nilikuwa natazama upande usio wenyewe.

Watu hunitajia nyumba ya Burritt kule Huntsville, Alabama, iliyojengwa 1938 kwa marobota zaidi ya elfu mbili na bado imesimama kama makumbusho, nako ni mahali pa joto na unyevu. Ni kweli, lakini Alabama ina majira ya baridi. Kwa miezi kadhaa hewa inakauka, nyumba inapashwa joto, na ukuta unajikausha. Pwani yetu haina miezi hiyo.

Hempu na chokaa huvumilia zaidi, kwa kuwa chokaa huukatisha tamaa ukungu na mchwa hawaipendi, ilhali nyasi tupu ni chakula chao. Lakini ina maji yake yenyewe. Ukuta wa milimita 300 huingiziwa karibu lita 90 za maji kwa kila mita ya mraba siku ya kushindilia, na sehemu kubwa lazima itoke kabla ya kupiga lipu. Hewa kavu yenye upepo huchukua majuma sita hadi kumi. Hewa ya Mei pale Kilifi huchukua muda mrefu zaidi. Ukiharakisha, madoa ya kahawia yatatokeza kwenye lipu yako nyeupe. Na kabla ya hayo yote kuna sheria: hempu ni ndugu wa bangi, na kilimo cha bangi ni marufuku Kenya na Tanzania, kwa hiyo chenga za hempu zitatoka ng'ambo, na bei utaiona mwenyewe.

Kilifi tulitoa marobota ya kuta tatu za chumba kile, tukajenga mawe ya matumbawe kwa chokaa. Ukuta wa nne, unaopakana na baraza, tuliuacha. Tulikwangua rangi ya mafuta, tukapaka chokaa, tukasogeza kabati mbali nao. Baada ya miezi mitano ulisoma 18. Bado nauchungulia kila Juni mvua zikiisha.